Kupanga Wiki ya Karani Anayesoma Jioni

Ratiba nyingi za wanafunzi wa jioni huharibika kabla hazijaanza kutumika, kwa sababu aliyezichora alianza na masomo. Alichora jedwali la siku saba, akajaza majina ya masomo katika kila nafasi iliyoonekana tupu baada ya saa mbili usiku, kisha akalibandika ukutani. Nafasi ile ilionekana tupu kwenye karatasi tu. Ndani yake mlikuwa na safari ya kurudi nyumbani, chakula, maji ya kuoga, na mwili uliokuwa umesimama tangu alfajiri. Mimi huanza upande wa pili: kwanza nauliza somo linadai saa ngapi, kisha natafuta saa hizo katika wiki ya mtu jinsi ilivyo kweli, na mwisho kabisa ndipo naandika jina la somo mahali popote.

Nitaeleza kwa kutumia mfano wa mpwa wangu, kwa kuwa ratiba yake tuliitengeneza pamoja na nimeifuatilia kwa karibu. Ni karani wa hesabu katika ghala moja Kariakoo, anaishi Kimara, na anasoma shahada ya uhasibu jioni katika chuo kilichopo katikati ya mji. Kazini huingia saa 2:00 asubuhi na kutoka saa 11:00 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi hufanya kazi hadi saa 7:00 mchana. Ukitoa saa moja ya chakula kila siku ya Jumatatu hadi Ijumaa, unapata saa 45 za kazi kwa wiki, ambazo ndizo kikomo cha saa za kawaida katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Vipindi vyake ni Jumatatu, Jumatano na Alhamisi, saa 11:30 jioni hadi saa 2:30 usiku. Masomo yake ya muhula ule yalikuwa matatu: Uhasibu wa Gharama, Takwimu na Sheria ya Biashara.

Somo linadai saa ngapi? Hapa hatuhitaji kukisia, kwa sababu jibu limo katika mwongozo wa masomo ambao wanafunzi wengi hupewa siku ya kwanza na hawaufungui tena. Katika mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni sawa na saa 10 za kujifunza, na saa hizo zinajumuisha kila kitu: kukaa darasani, kusoma peke yako, kufanya kazi za nyumbani, kujiandaa na kufanya mtihani. Somo la krediti 10, kwa hiyo, ni saa 100. Ni makadirio kwa mwanafunzi wa kawaida, na aliyewahi kufanya kazi ya uhasibu anaweza kuhitaji pungufu katika somo moja na zaidi katika jingine, lakini ni makadirio bora kuliko ile hisia ya kwamba nisome kila nikipata nafasi. Masomo matatu ya krediti 10 ni saa 300 kwa muhula mzima.

Tukaanza kupunguza. Alikuwa tayari kuchukua wiki moja ya likizo yake ya mwaka kabla tu ya mitihani, na katika siku tano za wiki hiyo angeweza kusoma saa sita kila siku bila kujiumiza. Hizo ni saa 30. Zikabaki saa 270 za kugawa katika wiki 15 za masomo, yaani saa 18 kwa wiki. Vipindi vitatu vya saa tatu tatu vilikwisha kuchukua saa tisa kati ya hizo. Kwa hiyo kazi yote ya kupanga ratiba ikawa ni kutafuta saa tisa nyingine katika kila wiki, na nilimwandikia namba hiyo juu ya karatasi.

Akaniuliza, “Mjomba, saa tisa hizo zipo wapi?” Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Anaamka saa 11:00 alfajiri, anaondoka nyumbani saa 12:15, na siku za vipindi anafika Kimara saa 4 kasorobo usiku. Mpaka ale, aoge na kuandaa nguo za kesho, ni saa 5:00. Amebakiwa na saa sita za kulala, na mtu mzima anahitaji angalau saba. Hapo ndipo nilipoweka sharti la kwanza la ratiba ile, na sikuwa tayari kulijadili: usiku wa siku ya kipindi hakuna kusoma. Daftari libaki ndani ya mkoba. Anayejilazimisha kusoma hadi saa 6:30 usiku baada ya kipindi cha saa tatu huvuna kurasa chache ambazo asubuhi hazikumbuki, na deni la usingizi analolibeba hulipwa na kipindi cha Jumatano, ambacho anakihudhuria kwa macho tu.

Tukafuta pia saa za ndani ya basi. Watu wengi huzihesabu, na ukiziangalia kwenye karatasi zinavutia, maana zinakaribia saa tatu kwa siku. Lakini asubuhi mpwa wangu husimama njia nzima, mkono mmoja ukishika chuma na mwingine ukilinda mkoba. Anaweza kusikiliza sauti ya kipindi aliyoirekodi, na siku nyingine hufanya hivyo, ila hicho ni cha ziada. Saa ambayo huwezi kushika kalamu haifai kuwekwa katika hesabu ya mwanafunzi wa uhasibu.

Zilizobaki tulizipata katika sehemu nne. Ya kwanza ni saa ya chakula cha mchana. Sheria ile ile inampa mfanyakazi anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko yasiyopungua dakika 60, na mapumziko hayo ni yake. Anakula kwa mama ntilie kwa takribani dakika 25, anarudi ofisini, na anabakiwa na nusu saa tulivu kabla wenzake hawajarejea. Tulichukua nusu saa hizo siku nne: Jumanne, Alhamisi na Ijumaa, ambazo ni siku zinazofuata vipindi, pamoja na Jumatano. Jumla ni saa mbili. Ya pili ni Jumanne usiku, kwa muda wa saa moja na nusu. Ya tatu ni Jumamosi mchana baada ya kazi, kwa muda wa saa tatu. Ya nne ni Jumapili jioni, kwa muda wa saa mbili na nusu, baada ya ibada, kufua na kupumzika. Mbili, moja na nusu, tatu, mbili na nusu: tisa.

Hapo wengi wangeona ratiba imekamilika. Kwangu ndipo inapoanza, kwa sababu saa hazifanani. Nusu saa ya mchana na nusu saa iliyokatwa kutoka katika saa tatu za Jumamosi ni vitu viwili tofauti, na somo linalowekwa katika saa isiyolifaa litaonekana gumu hata kama si gumu.

Chukua Uhasibu wa Gharama. Mtihani wake ulikuwa wa saa tatu na alama 100, na swali la kawaida la kugawa gharama zisizo za moja kwa moja kati ya idara za kiwanda lilibeba alama 20. Dakika 180 ukizigawa kwa alama 100, swali hilo linastahili dakika 36. Kuna kodi ya jengo ya kugawa kwa ukubwa wa eneo, kuna umeme wa kugawa kwa nguvu za mashine, kisha kuna gharama za idara za huduma, kama vile karakana na jiko, ambazo nazo lazima zihamishiwe katika idara za uzalishaji. Ukiliacha swali hilo katikati, kesho utalianza upya, maana jedwali lote umelishika kichwani. Nusu saa ya mchana, basi, haina kazi katika somo hili. Linahitaji meza, kikokotoo, na muda usiokatika, nalo likapewa Jumamosi.

Sheria ya Biashara ni kinyume chake. Masharti ya mkataba halali, tofauti kati ya ofa na mwaliko wa kutoa ofa, wajibu wa wakala kwa mkuu wake: hivi ni vipande vidogo vinavyokumbukwa kwa kujiuliza na kujijibu mara nyingi. Mpwa wangu huviandika kwenye vikadi, swali mbele na jibu nyuma, na Jumatano mchana huvipitia akiwa mezani pake. Takwimu ikakaa katikati: nadharia yake hupata Jumanne, mazoezi yake hupata Jumapili.

Nusu saa za Jumanne, Alhamisi na Ijumaa zina kazi moja tu, nayo ni kurudia kipindi cha jana usiku. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo yake mwaka 1885, alionesha kwamba sehemu kubwa ya kusahau hutokea mapema, katika saa za kwanza na siku ya kwanza, kisha kasi hupungua. Mwanafunzi wa mchana anaweza kurudia usiku ule ule. Wa jioni hawezi, kwa sababu tumeshakubaliana kwamba usiku ule ni wa kulala. Mchana wa kesho yake ndiyo nafasi ya mwanzo anayoipata akiwa na akili inayofanya kazi, na akiipoteza, nafasi inayofuata ni Jumamosi, wakati ambapo maandishi yake mwenyewe yanaanza kuonekana kama ya mtu mwingine. Namna ya kuitumia ni kufunga daftari kwanza, kuandika katika karatasi tupu yale yanayokumbukwa, kisha kulifungua na kujaza yaliyosahaulika kwa kalamu ya rangi nyingine. Rangi hiyo ya pili ndiyo inayomwambia Jumamosi aanzie wapi.

Na Jumamosi yenyewe ilikuwa hivi. Anatoka kazini saa 7:00, anakula, na saa 8:00 mchana yuko maktaba ya chuo. Anafungua na swali lililomshinda wiki iliyopita, bila kutazama jibu. Kisha anafanya maswali mawili mapya ya Uhasibu wa Gharama, kila moja kwa dakika 36 za saa ya simu, na saa ikilia anaweka kalamu chini hata kama hajamaliza. Baada ya hapo anasahihisha, na kusahihisha humchukua karibu muda sawa na swali moja zima, jambo ambalo wanaopanga ratiba hulisahau. Anapumzika robo saa, anafanya mazoezi machache ya Takwimu, na dakika za mwisho kabisa ni za kuandika vikadi vya Sheria vya wiki ijayo. Saa 11:00 jioni anafunga. Ukilinganisha na mtu anayeandika tu “Jumamosi: kusoma”, tofauti ni kwamba mpwa wangu akiketi haanzi kwa kujiuliza afanye nini.

Wiki za mwanzo Jumanne usiku haikushika. Kwenye karatasi alitakiwa kufika nyumbani saa 1:00 usiku, kula, na kusoma kuanzia saa 2:00 hadi saa 3:30. Wiki moja alifika amechelewa kwa sababu ya foleni, wiki iliyofuata umeme ulikatika. Alianza kujilaumu, nami nikamkataza. Nina kanuni ambayo naiamini sana katika jambo hili: nafasi ikikosa kutumika wiki mbili mfululizo, iondolewe pale ilipo ipelekwe kwingine, kwa sababu imewekwa mahali pasipofaa. Jumanne tukaigeuza. Badala ya kusafiri kwanza na kusoma baadaye, akawa anatoka kazini saa 11:00, anakwenda chuoni kama siku za vipindi, anakaa maktaba kuanzia saa 11:30 hadi saa 1:00 usiku, ndipo anapanda basi. Muda ni ule ule wa saa moja na nusu. Anafika nyumbani saa 2:15 hivi, na hana deni lolote la siku hiyo. Tangu hapo nafasi ile imeshika, na mtu yeyote anayeishi mbali na kazini ningemshauri aangalie hili kabla ya lingine lolote: saa iliyo kabla ya safari ya kurudi ina nguvu kuliko ile inayokuja baada yake, kwa sababu nyumbani kuna watu wenye haki ya kukuhitaji, na safari yenyewe imekwisha kukuchosha.

Utaona kwamba Ijumaa jioni sijaitaja. Niliiacha wazi kwa makusudi, na sababu yake inatokana na kazi ya mpwa wangu yenyewe.

Karani wa hesabu hana wiki nne zinazofanana. Mwisho wa mwezi kuna kufunga vitabu, kulinganisha daftari la benki na taarifa ya benki, kuhesabu mali ghalani. Kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata, kodi iliyokatwa katika mishahara lazima iwe imewasilishwa kwa Mamlaka ya Mapato, na kufikia tarehe 20 ritani ya Kodi ya Ongezeko la Thamani nayo iwe imeingia. Tarehe 20 humgharimu jioni moja tu. Mwisho wa mwezi humgharimu wiki nzima: anatoka kazini saa 1:00 au saa 2:00 usiku, Jumamosi inafika hadi jioni, na kipindi kimoja au viwili vinampita. Ratiba moja kwa wiki zote ingevunjika kila mwezi, na ratiba inayovunjika kila mwezi huachwa mwezi wa pili.

Tulitengeneza ratiba mbili. Ya wiki ya kufunga mwezi ina saa nne tu: nusu saa tatu za mchana na Jumapili jioni. Jumanne na Jumamosi zinafutwa waziwazi, zisimkae rohoni. Kwa vipindi anavyovikosa alipatana mapema na mwanafunzi mwenzake wa darasa ampigie picha za ubao siku hiyo hiyo, naye humlipa kwa kumwelekeza Uhasibu wa Gharama. Wiki hiyo inaacha upungufu wa saa tano. Katika wiki 15 za masomo miisho ya mwezi ilikuwa mitatu, kwa hiyo upungufu wote ni saa 15. Sasa rudi kwenye Ijumaa: saa moja na nusu katika wiki 12 za kawaida ni saa 18. Ijumaa inalipa deni lote la kufunga mwezi na kubakiza saa tatu za dharura nyingine, kama ugonjwa au msiba. Ndiyo maana haijazwi somo tangu mwanzo. Wiki ambayo hakuna deni, Ijumaa ni ya kupumzika kweli, na nilimwomba asiione kama saa iliyopotea.

Utaona pia jinsi hesabu hii ilivyobana. Saa tatu za ziada katika muhula mzima ni kidogo, na vipindi alivyovikosa havimo katika hesabu hiyo. Angetaka kuongeza somo la nne la krediti 10, lingedai takribani saa sita na nusu zaidi kwa wiki, pamoja na jioni nyingine ya kipindi, na hakuna mahali pa kuzitoa isipokuwa kwenye usingizi. Alitamani kulichukua ili amalize mapema. Nilimwonesha karatasi, akaliahirisha mwenyewe hadi muhula uliofuata. Kwa mfanyakazi wa saa 45 anayeishi mbali, masomo matatu ndiyo mzigo ninaoweza kuutetea kwa hesabu, na chuo kikiruhusu mawili katika muhula wenye kazi nyingi, yawe mawili.

Kazi za kikundi zilikuwa tatizo lililochukua muda kulimaliza. Wanafunzi wa jioni hupenda kuzijadili kwenye wasapu baada ya saa 4:00 usiku, kwa sababu ndipo kila mtu yuko nyumbani, na jambo la dakika kumi huliwa na saa nzima ya ujumbe. Mpwa wangu aliwashawishi wenzake wakutane Jumatano mara tu kipindi kinapokwisha, kwa dakika 20, wakiwa bado darasani, na kila mmoja aondoke na sehemu yake imeandikwa. Baada ya hapo huzima ujumbe wa kundi hadi asubuhi. Sehemu yake ya kazi huifanya Jumapili, na tarehe ya kukusanya huihesabu kurudi nyuma: ikiwa kazi inadaiwa Alhamisi, kwake mwisho ni Jumapili iliyotangulia, maana katikati ya wiki hana saa nyingine ya kuandikia.

Ilibaki ile wiki ya likizo. Barua ya kuiomba aliiandika mara chuo kilipotoa ratiba ya mitihani, akaambatanisha nakala yake, na aliangalia kwanza kwamba haigusani na mwisho wa mwezi, kwa sababu likizo ya karani wa hesabu inayoangukia siku za kufunga vitabu ni rahisi kukataliwa, na kwa haki. Siku zile tano hakuanza mada yoyote mpya. Asubuhi alifanya mtihani mmoja mzima wa miaka ya nyuma kwa saa tatu bila kuinuka, na kwa kuwa mitihani yenyewe ilipangwa jioni, siku mbili za mwisho aliuhamishia mtihani huo wa mazoezi saa 11:30 jioni. Saa tatu nyingine zilikuwa za kusahihisha na kurudi kwenye zile karatasi za mchana, akianza na mahali palipojaa kalamu ya rangi ya pili.